Kusugua sufuria bila kuichuna: nyuzi za chuma, nailoni na majivu ya makala

Chukua sufuria ya alumini ambayo imekwisha kuoshwa ikatakata, uiloweshe, kisha uisugue kwa nyuzi za chuma kwa dakika moja. Maji yatakayotiririka ni ya kijivu. Suuza, sugua tena, na bado yatatoka ya kijivu. Ungeweza kuendelea hadi jioni na rangi ile isikwishe, kwa sababu kinachotoka hapo si uchafu. Ni sufuria yenyewe inayosagwa na kwenda na maji.

Kwetu Goma mama wengi tunapima usafi wa jiko kwa namna sufuria zinavyong'aa zikianikwa juani uani, nami sina neno na hilo. Ninapenda sufuria inayong'aa. Ila nimeona sufuria nyingi mno zikitoboka kitako kabla ya wakati wake, au zikishika chakula kila siku kwa sababu ndani yake mmejaa mifereji ya kusugua. Kwa hiyo nitaeleza kwanza ni kitu gani hasa kinachokwaruza, kisha namna ya kuyatengeneza majivu ya mbabula yako yawe dawa ya kung'arisha badala ya kuwa msasa, na mwisho nitapitia sufuria moja ya maharagi iliyoungua, tangu ilipotoka motoni hadi ilipotakata.

Jina la kitu halikwaruzi, chembe ndiyo inayokwaruza

Watu hubishana kama nyuzi za chuma ni mbaya, nailoni ni nzuri, majivu ni ya zamani. Ubishi huo haumaliziki kwa sababu unauliza swali kando ya lenyewe. Kitu kinakwaruza kingine kikiwa kigumu kukizidi, basi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, na ngazi yake ndiyo inayotumika hadi leo. Ukucha wako uko karibu na 2.5. Alumini haifiki hata 3. Chuma cha kawaida kiko kati ya 4 na 5, kioo karibu na 5.5, na mchanga mweupe wa kwarzi ni 7. Cha juu kinakikwaruza cha chini, na cha chini hakikiachi alama cha juu hata ukisugua kwa nguvu zako zote.

Shika namba hizo mkononi, kisha tazama vitu vyetu vitatu.

Nyuzi za chuma ni chuma chepesi kilichonyofolewa kuwa nyuzi zenye kingo kali. Juu ya alumini kila uzi ni kisu kidogo. Ndiyo sababu zinaondoa ukoko haraka, na ndiyo sababu zinaondoa sufuria pia.

Sponji ya kijani ndiyo inayodanganya watu. Nailoni yenyewe ni laini, haiwezi kuikwaruza alumini. Lakini ile ngozi ya kijani iliyobandikwa juu ya sponji si nailoni tupu. Ni nyuzi za nailoni zilizopakwa gundi yenye unga mgumu ndani yake, na mara nyingi unga huo ni oksidi ya alumini, ileile inayotumika kwenye karatasi ya msasa. Ugumu wake ni 9. Kwa hiyo mtu anaacha nyuzi za chuma kwa kuogopa mikwaruzo, anashika sponji ya kijani, na mkononi ana kitu kigumu zaidi ya chuma.

Na majivu? Majivu safi ya mti kwa sehemu kubwa ni chokaa, ileile inayokuwa ndani ya ganda la yai, na ugumu wake ni 3. Yako karibu sana na alumini, kwa hiyo yanaisugua polepole na kuing'arisha pasipo kuchimba. Tatizo la majivu yetu haliko ndani ya majivu. Liko ndani ya makala. Makala huchomwa kwa kufunika magogo kwa udongo, na udongo ule unakuja na gunia hadi nyumbani. Unapomimina makala kwenye mbabula, unamimina na mchanga. Hapa kwetu mchanga huo ni wa volkano, umetoka kwenye mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira, na chembe zake zina ugumu wa 5 hadi 7. Moto wa mbabula hauziyeyushi. Makala yanaisha, mchanga unabaki ndani ya majivu, na asubuhi unauchota pamoja nayo kwenda kusugua.

Kwa hiyo dada anayesema majivu hayakwaruzi anasema kweli, na dada anayesema majivu yamemharibia sufuria naye anasema kweli. Hawakutumia majivu yaleyale.

Jipimie mwenyewe kabla ya kuniamini

Tafuta kifuniko cha alumini cha zamani ambacho hukihurumii. Kioshe kwa sabuni, kikauke. Kigawe sehemu nne kwa kuchora mistari ya kalamu. Sehemu ya kwanza isugue kwa nyuzi za chuma zilizoloweshwa, mara 20, huku na huku, kwa uzito wa kawaida wa mkono. Ya pili kwa sponji ya kijani. Ya tatu kwa kitambaa chenye maji na majivu kama yalivyotoka kwenye mbabula. Ya nne kwa majivu yaliyooshwa, ambayo nitayaeleza sasa hivi.

Suuza, kausha, kisha kipeleke kifuniko dirishani ukitazame kwa ubavu, mwanga ukilala juu yake. Ukikitazama kwa juu moja kwa moja hutaona kitu. Nyuzi za chuma zinaacha mistari mirefu iliyolala upande mmoja, ukiifuata unauona mwendo wa mkono wako. Sponji ya kijani inaacha ukungu: mikwaruzo midogo sana iliyosongamana hadi mng'ao unafifia na kuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Majivu yasiyochekechwa yana alama yao ambayo ukiijua hutaisahau. Sehemu kubwa imeng'aa vizuri, halafu katikati kuna mikwaruzo michache mirefu yenye kina, imejipinda huku na kule. Kila mmoja ni njia ya punje moja ya mchanga iliyoviringika chini ya kitambaa. Pitisha ukucha juu yake, unakwama.

Sponji nazo si zote sawa, na rangi si sheria. Kwa kawaida ya kijani iliyokolea ina unga mgumu, nyeupe au ya buluu hafifu ina unga laini au haina kabisa, lakini sokoni Virunga au Birere utakuta rangi zote na hakuna maandishi ya kukusaidia. Njia ya kujua ni chupa ya kioo. Sugua shingo ya chupa tupu mara 20 kwa nguvu. Kioo kikipata ukungu usiofutika, sponji ile ina unga mgumu kupita kioo, basi usiipeleke kwenye kitu chochote unachotaka kiendelee kung'aa. Kioo kikibaki safi, sponji ni laini, na kwa alumini inatosha kwa kuosha kila siku, ingawa ukoko mgumu hautaondoka nayo peke yake.

Kuosha majivu

Hii ndiyo kazi ninayotaka uijue vizuri zaidi kuliko yote. Inachukua dakika chache za mikono na usiku mmoja wa kungoja, na unapata kitu kinachozidi unga wa kusugulia wa dukani kwa upole.

Anza kwa kuchagua majivu. Yatoke kwenye makala au kuni tupu. Siku uliyowasha mbabula kwa kipande cha sasheti ya plastiki au mpira, majivu hayo yatupe. Hali kadhalika majivu ya mbao zenye rangi ya zamani, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na risasi haiungui. Inabaki katika majivu.

Yakiwa yamepoa kabisa, chekecha vikombe viwili kwa chujio la chai. Vipande vya makala na kokoto vinabaki juu. Mchanga mwembamba unapita pamoja na majivu, ndiyo maana chujio peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoishia.

Mimina majivu yaliyochekechwa kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimeta 15 hivi, yaani karibu shubiri pungufu kidogo. Koroga kwa mwiko hadi maji yote yawe kama maziwa ya kijivu. Acha. Hesabu polepole hadi 60. Kisha mimina maji yale machafu, kwa utaratibu, kwenye beseni la pili, na usimame mara tu unapoona matope mazito yanaanza kusogea kutoka chini.

Sababu ya kuhesabu ni hii. Ndani ya maji punje kubwa inazama haraka na punje ndogo inazama taratibu, na tofauti ni kubwa kuliko mtu anavyodhani: punje iliyo nusu ya nyingine kwa unene inazama kwa robo tu ya mwendo wake. Punje ya mchanga yenye unene wa unywele inamaliza sentimeta 15 kwa karibu nusu dakika. Ukingoja dakika nzima, zile zote za kuchimba sufuria zimekwisha kulala chini ya ndoo. Vinavyoelea bado ni unga mwembamba, ule unaoutaka. Ukihesabu hadi 20 tu kwa haraka, umehamisha mchanga kutoka ndoo hii kwenda beseni lile, hujafanya kitu. Chota kidogo kilichobaki chini ya ndoo ukisugue kati ya vidole, utasikia kinakereketa. Huo ndio mchanga uliokuwa ukiusugua kwenye sufuria kila asubuhi.

Acha beseni la pili litulie usiku kucha. Asubuhi juu kuna maji meupe yaliyotakata, chini kuna tope laini la kijivu. Maji ya juu yanateleza kati ya vidole kama sabuni, kwa sababu yamebeba chumvi kali ya majivu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharagi. Yamimine polepole kwenye chupa au mkebe, usiyatupe, nitayarudia. Usiyaache mikononi muda mrefu, yanakula ngozi, na yakiingia machoni ni hatari. Weka mkebe mahali watoto hawafiki.

Tia maji mapya kwenye tope, koroga, acha litulie tena, mwaga. Rudia hadi maji yasiteleze tena kidoleni. Mara mbili au tatu kwa kawaida zinatosha. Vikombe viwili vya majivu vinanipa tope kama nusu kikombe, laini kama poda ya mtoto. Ninalihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Likikauka linalainika tena kwa matone ya maji.

Huenda ukauliza kwa nini nalihangaikia hilo la utelezi ikiwa mchanga umekwisha toka. Kwa sababu alumini ina adui wawili, na chembe ni mmoja tu. Wa pili ni ukali wa majivu. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi, na maji makali ya majivu yanaiyeyusha ngozi hiyo na kuanza kuila alumini iliyo chini. Nilipoolewa niliwahi kupaka sufuria ya mama mkwe majivu mabichi yenye maji, nikaiacha hivyo usiku nikidhani ukoko utalainika. Asubuhi ilikuwa na mabaka meusi na vishimo vidogo kama vya sindano. Alikuwa amesugua sufuria ile kwa majivu miaka yote na haikuwa na kishimo. Aliniambia, «Binti yangu, majivu hayalali na sufuria.» Yeye alisugua na kusuuza papo hapo, na kumbe hilo ndilo lililoilinda. Ukitaka kuona kwa macho, paka majivu mabichi mazito yenye maji kwenye alumini iliyo safi na uitazame kwa karibu: baada ya muda utaona viputo vidogo vinapanda. Ni hewa inayotoka alumini inapoliwa. Tope lililooshwa halifanyi hivyo, au linafanya kidogo sana. Hata hivyo usililaze.

Sufuria ya maharagi iliyoungua

Jirani yangu anauza chakula karibu na barabara, na sufuria yake ya lita 20 iliungua maharagi siku alipoitwa nje kwa muda. Chini kulikuwa na ukoko mweusi unene wa kidole, ukubwa wa sahani. Alikuja na nyuzi mpya za chuma mkononi. Nilimwomba aziweke kwanza.

Ukoko mnene hauondolewi kwa kusuguliwa. Kusugua ni kazi ya tabaka jembamba la mwisho. Tulitia maji ya vidole vitatu, tukairudisha kwenye mbabula yenye makala yaliyokuwa yakififia, ikachemka polepole kwa robo saa. Hatukutia majivu wala magadi ndani ya maji hayo. Ni kweli yangeyeyusha ukoko upesi, lakini yakichemka yanaila alumini kwa kasi zaidi kuliko yakiwa baridi. Kwenye chungu au sufuria ya chuma ningetia bila wasiwasi.

Tuliishusha, ikapoa hadi mkono unavumilia, na tukakwangua kwa mwiko wa mti. Mti hauna ugumu wa kuikwaruza alumini, kwa hiyo unaweza kukaza mkono. Sehemu kubwa ilitoka kwa vipande, kama ganda. Mahali palipogoma tulirudia kuchemsha mara moja. Watu wanakosa subira hapa, wanashika kisu au kijiko cha chuma, na mfereji mmoja wa kisu ndani ya kitako unakuwa mahali ambapo maharagi yatashika kila siku baada ya hapo.

Likabaki doa la kahawia na jeusi, jembamba, lililoganda. Hapo ndipo tope la majivu lilipoingia. Kijiko kimoja cha chakula juu ya dodoki lililoloweshwa, tone la sabuni, na kusugua kwa duara dogo dogo, bila kukaza sana. Mtu akikaza mkono anazikandamiza chembe zichimbe, akilegeza zinaviringika na kung'arisha. Kila baada ya dakika moja hivi tulisuuza na kutia tope jipya, kwa sababu la zamani limejaa vipande vya ukoko mgumu, navyo vinakwaruza. Ilichukua kama dakika 12. Nyuzi za chuma zingemaliza kwa dakika 3, sikatai, na siku ya haraka kubwa mtu atazitumia. Lakini sufuria ile inapika kila siku, na dakika 9 hizo ninazilipa mara moja tu.

Kulibaki kivuli cheusi kisichotoka, nikamwambia akiache. Sasa nieleze kwa nini.

Weusi ambao si uchafu

Sufuria inayochemsha maji hapa kwetu inakuwa nyeusi ndani hata kama haijawahi kuungua kitu. Wengi wanaisugua kila wiki, na kila wiki inarudi. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini na ukali kidogo, pH yake iko karibu na 9, na maji ya namna hiyo yakichemka ndani ya alumini yanabadilisha ile ngozi ya oksidi kuwa nene na nyeusi. Ni tabaka la sufuria yenyewe, halina madhara, na kwa kweli linaikinga. Unapoling'oa kwa nyuzi za chuma unafunua alumini mbichi, ambayo siku inayofuata inaanza upya kutengeneza weusi uleule kwa kula sehemu ya sufuria.

Kutofautisha ni rahisi. Pitisha kitambaa cheupe kikavu. Masizi na ukoko vinatia kitambaa doa, weusi wa maji hautii. Ukitaka uondoke kwa sababu ya wageni, chemsha ndani yake maji yenye ndimu mbili zilizokatwa kwa dakika 10. Asidi ya ndimu inauyeyusha bila mkwaruzo wowote, na ndiyo maana sufuria iliyopika nyanya inatoka ikiwa nyeupe.

Kuna sufuria ambazo ninakusihi usizisugue kwa nguvu ndani hata siku moja: zile nene zinazoyeyushwa na mafundi kutoka vyuma chakavu. Vyuma vile vinachanganywa na kila kitu, na vipimo vilivyofanywa juu ya sufuria za namna hiyo Kameruni vilikuta risasi inatoka na kuingia katika chakula. Kila ukikwangua unafunua chuma kipya. Ziache na ngozi yake nyeusi, na usipikie ndani yake vitu vikali kama nyanya au ndimu kwa muda mrefu.

Vyombo vingine

Sahani na sufuria za emaye zimepakwa kioo, na hapa mambo yanageuka. Nyuzi nyembamba za chuma ni laini kuliko kioo, kwa hiyo zinaacha mistari ya kijivu inayofanana na mikwaruzo lakini ni chuma kilichosuguka na kubaki juu. Ndimu inaifuta. Sponji ya kijani yenye unga mgumu ndiyo inayoikwaruza emaye kwelikweli, na ukungu wake haurudi nyuma. Kwa emaye yenye mafuta ya sambaza, yale maji yanayoteleza niliyokuambia uyahifadhi ndiyo yake: yanageuza mafuta kuwa sabuni, na kioo hakidhuriki kama alumini.

Inoksi ni ngumu, majivu yaliyooshwa yanaifaa sana. Tatizo la nyuzi za chuma juu yake si mikwaruzo tu. Vipande vidogo vya chuma vinakwama ndani ya mikwaruzo hiyo, siku ya pili vinashika kutu, na mtu anadhani amenunua inoksi bandia. Mikwaruzo ukiwa huna budi kuiacha, ifuate mistari iliyomo tayari kiwandani, usisugue kwa duara.

Kikaango cha tefloni usikiguse na kimoja kati ya vitu hivi vitatu, hata majivu yaliyooshwa. Kitambaa na sabuni.

Sufuria ya kuni, inayopata masizi nje, isaidie kabla ya kupika. Paka nje tope la majivu au sabuni ya kipande, tabaka jembamba, kisha weka motoni. Masizi yanakaa juu ya tope badala ya kukaa juu ya alumini, na jioni yanatoka kwa maji na kitambaa. Tope likiwa limeoshwa, halina ukali wa kuila alumini. Mahali tope lilipokosekana, masizi ya kuni yanagandana na lami, na kule nje, ambako chakula hakigusi, nyuzi za chuma ninazitumia bila kujilaumu.

Nikizitumia, ninazitazama kwanza: zikianza kuvunjikavunjika vipande vifupi ninazitupa, kwa sababu kipande kimoja kikibaki ndani ya bugali kinaweza kumchoma mtoto kooni. Na zilizobaki nzima siziachi kwenye sahani ya sabuni zishike kutu usiku mmoja. Ninazizamisha ndani ya mkebe wa maji ya majivu, yaleyale ya juu ya beseni. Ukali ule unaoila alumini unakilinda chuma kisishike kutu. Zinakaa humo wiki nzima zikiwa za kijivu kama zilivyonunuliwa, ninazisuuza vizuri kabla ya kusugua, na mkebe unabaki umefungwa, juu ya kabati.